Kaka amefariki, silali, na mke wangu anataka nimwone mtaalamu. Je, niende?

*Shikamoo mama. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili. Kaka yangu alifariki ghafla mwaka jana, na tangu hapo sijakaa sawa. Kazini naenda kila siku na hakuna anayelalamika, lakini nyumbani nimekuwa mkali mpaka watoto wakiniona wanaingia chumbani kwao. Saa tisa usiku niko macho na usingizi haurudi, kwa hiyo jioni nakunywa bia mbili tatu ili nilale. Marafiki na mpira nimeacha, sioni raha yake. Usiku ule kaka alinipigia simu na sikupokea. Hilo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Kuna siku nawaza heri nilale nisiamke, ila siwezi kujifanyia chochote, nina watoto.*

*Mke wangu anasema nikamwone mtaalamu wa saikolojia. Mimi naona huko ni kwa waliozidiwa, na mimi bado nasimama. Tena naogopa nitakaa bubu saa nzima, au nitalia mbele ya mtu nisiyemjua. Je, niende? Nikienda, kuna nini huko, na nijiandae vipi?*

*Baba wa wawili*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa kaka.

Nitaanza na ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka kuelekea mwisho, ya kulala usiamke. Mawazo ya namna hiyo yana ngazi. Kutamani tu kutoamka ni ngazi ya chini. Kuanza kufikiria njia ni ngazi ya juu yake. Kuchagua siku, kuandaa kitu, kuaga watu au kugawa vyako, hiyo ni hatari ya leo hii. Wewe umesema uko ngazi ya chini, na nakuamini. Lakini mtu hupanda ngazi hizo usiku, akiwa hajalala na amekunywa, na hayo mawili tayari unayo. Kwa hiyo mwambie mke wako leo, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Kama nyumbani kuna dawa nyingi, sumu ya wadudu au silaha, mpe mtu mwingine azitunze. Hili si jambo dogo: wazo kali mara nyingi hupita baada ya muda mfupi, na mtu asiyekuwa na kitu cha kujidhuru karibu yake ana nafasi kubwa ya kuvuka muda huo akiwa hai. Ikitokea wazo limepata njia au siku, usingoje miadi ya mtaalamu. Nenda hospitali upande wa dharura, na usiende peke yako.

Sasa swali lako. Ndiyo, nenda.

Unapima kwa kuangalia kama umeanguka, na kipimo hicho kinakuchelewesha. Watu wengi wanaokaa mbele ya wataalamu hawa wameamka, wameoga, wamefanya kazi ya siku nzima, ndipo wakaja. Mtaalamu anaangalia mambo mengine: hali imedumu muda gani, imekunyang'anya nini, na yale uliyojaribu mwenyewe yamebadilisha chochote. Kwako ni tangu mwaka jana. Imekunyang'anya usingizi, marafiki, na watoto wanaokukimbilia ukirudi. Ulichojaribu ni bia, na usingizi bado haujarudi. Huzuni ya msiba kwa kawaida huja kama mawimbi, na siku zinavyokwenda nafasi kati ya wimbi na wimbi hupanuka. Kama kwako haipanuki, hapo ndipo msaada wa kitaalamu unafaa. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unaitambua huzuni ya msiba isiyolegea kuwa tatizo la kutibiwa ikiwa imepita angalau miezi 6 na bado inamtawala mtu. Sisemi ndiyo uliyonayo, maana barua haitoshi kulisema hilo. Nasema muda uliosubiri unatosha.

Kuna fomu fupi ya kupima dalili za sonona ambayo huenda utapewa siku ya kwanza, inaitwa PHQ-9, na imetafsiriwa kwa Kiswahili. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila swali unajibu kwa 0 mpaka 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Tuipitie kwa kubahatisha majibu yako. Usingizi, 3. Kukosa raha ya mambo, 2. Uchovu, tuseme 2. Kujiona umewaangusha watu wako, 2. Kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, 1. Kujisikia mnyonge, 1. Wazo la kwamba heri ufe, 1, kwa kuwa umesema ni siku kadhaa. Hamu ya chakula na mwendo wa mwili uliolegea au usiotulia, tuweke 0. Jumla ni 12. Kuanzia 10 ndipo wengi wanashauriwa wakachunguzwe zaidi, na jibu lolote juu ya 0 kwenye swali la kifo huzungumzwa siku hiyo hiyo, hata jumla iwe ndogo.

Lakini nataka uone kile ambacho fomu hii haiulizi. Hakuna swali hata moja la hasira. Mtu anaweza kuwa mkali nyumbani kila siku na lisionekane popote kwenye jumla yake. Nimekutana na akina baba wengi ambao huzuni yao ilitokea mlango huo, kwa kufoka, na wao wenyewe hawakujua kuwa ni huzuni. Fomu nyingine, GAD-7, ambayo ni ya wasiwasi, ndiyo yenye swali la kukasirika upesi. Kwa hiyo usingoje uulizwe. Useme mwenyewe kuhusu watoto wanaoingia chumbani.

Kabla ya miadi, au wiki hiyo hiyo, mwone daktari wa kawaida akupime mwili. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa vinaweza kuleta uchovu, usingizi mbovu na moyo mzito, na mazungumzo hayatibu tezi. Mweleze na bia. Pombe humlaza mtu haraka, kisha mwili ukishaichoma, usingizi wa nusu ya pili ya usiku unavunjika vunjika. Inawezekana kabisa kwamba hiyo saa tisa yako inaletwa kwa sehemu na kile unachokunywa ili uikwepe. Taja idadi ya kweli, pamoja na siku zinapozidi. Na kama umeshafikia kunywa nyingi kila siku, usiache ghafla bila daktari kujua, kwa sababu mwili uliozoea unaweza kupata degedege.

Umwone nani? Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanatibu kwa mazungumzo. Kwa hali yako, mmoja wa hawa wawili anatosha kuanzia, naye atakupeleka kwa daktari akiona haja. Unapopiga simu kuomba miadi, huna lazima ya kueleza maisha yako. Sema: "Nimefiwa na ndugu, silali vizuri, nataka kuonana na mtu anayefanya kazi na watu waliofiwa." Kisha uliza amesomea nini na amesajiliwa wapi, kwa sababu nchi nyingi hazimzuii mtu kujiita mshauri hata kama hakusomea. Uliza pia malipo, na nini kinatokea ukishindwa kufika. Anayekereka kuulizwa elimu yake, muache.

Siku yenyewe huwa hivi. Kikao kinachukua kati ya dakika 45 na saa moja. Fika mapema kidogo, maana huenda kuna fomu za kujaza: jina, dawa unazotumia, mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Mkikaa, mtaalamu mzuri ataanza na habari ya siri. Atakuambia kwamba unayosema yanabaki humo, kisha atakutajia mahali siri inapokoma: kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini hivi karibuni, kama mtoto anadhuriwa, au kama mahakama imeagiza. Mipaka kamili inategemea sheria ya mahali ulipo, kwa hiyo asipoieleza, muulize kabla hujafungua mdomo kwa jambo lolote zito. Muulize pia anaandika nini, na nani anaweza kuyasoma.

Baada ya hapo atauliza kitu kama "nini kimekuleta leo?" Hapo ndipo hofu yako ya kukaa bubu ilipo. Anayenyamaza hapo mara nyingi ana mengi ya kusema na hajui aanzie wapi. Anadhani anatakiwa kuanza utotoni na kuyapanga yote mpaka leo. Hutakiwi. Beba tukio moja la juzi juzi, dogo, na ulisimulie lilivyokwenda. Liandike usiku wa kuamkia miadi, kwenye nusu karatasi. Lako linaweza kusomeka hivi:

*Jumanne jioni. Mwanangu alimwaga maji mezani. Nilifoka mpaka mkono ukawa unatetemeka. Alinyamaza, akachukua kitambaa akafuta. Nilitoka nje. Nilikuwa namuwaza kaka. Nilikunywa tatu. Niliamka saa tisa. Niliwaza ile simu.*

Hayo ni maneno machache, lakini mtaalamu ameshapata hasira, msiba, pombe, usingizi na lile unalojilaumu nalo, vyote vikiwa kwenye mfuatano wake. Anaweza kuuliza swali lolote kutoka hapo na dakika zikaenda zenyewe. Ukiishiwa maneno kabisa, mpe karatasi asome. Inaruhusiwa, na watu wanafanya hivyo. Chini ya tukio ongeza mistari miwili: dawa na pombe unavyotumia, na kitu kimoja ambacho ungependa kiwe tofauti. Usiandike "nataka niwe sawa," kwa kuwa hakuna atakayejua mmefika lini. Andika kitu kinachoonekana kwa macho, kama "nataka nikiingia nyumbani watoto wasikimbie."

Sehemu kubwa ya kikao cha kwanza ni maswali yake. Atauliza kuhusu familia mliyokulia, kazi, afya, misiba mingine, kama umewahi kupata msaada huko nyuma. Atauliza moja kwa moja kuhusu kujiua. Usishtuke. Kuuliza hakupandi wazo kichwani kwa mtu, na yeye anataka kujua uko ngazi gani. Atauliza linakuja mara ngapi, kama umefikiria njia, kama una kitu cha kutumia, na nini kinakuzuia. Mjibu kama ulivyonijibu mimi, na watoto wako uwataje. Watu wengi wanaficha jibu la swali hili wakiogopa kufungiwa wodini palepale. Kwa mtu aliye pale ulipo wewe, kinachofuata kwa kawaida ni kupanga naye mpango wa usalama: karatasi yenye dalili zinazoonyesha hali inachafuka, vitu vinavyokutuliza, watu wa kuwapigia kwa zamu, na namna ya kuweka mbali vitu vya hatari. Kulazwa huja hatari inapokuwa ya sasa hivi, na nyumbani hapatoshi kukulinda.

Kuhusu ile simu usiyopokea. Huna deni la kuisema siku ya kwanza. Unaweza kusema, "Kuna jambo kuhusu usiku ule ambalo bado siwezi kulitaja," ukaishia hapo. Sentensi hiyo inamsaidia sana, kwa kuwa anajua kuna kitu na hatakisukuma. Ila usiiache kwenye rafu miezi na miezi. Kwa ninavyoona mimi, hiyo simu ndiyo inayokuamsha. Nakutahadharisha pia na jambo moja: ukiisema, usitegemee mtaalamu akuambie tu "si kosa lako" kisha mambo yaishe. Hilo hata rafiki angekuambia, na usingelisadiki. Kazi yake ni kukurudisha usiku ule taratibu: ulikuwa unafanya nini, ulijua nini saa ile, ni simu ngapi za kaka uliwahi kutopokea ukampigia kesho yake na hapakuwa na lolote. Unajihukumu kwa habari uliyoipata baadaye, na ni polepole, kwa kurudia, ndipo moyo unakubali kwamba saa ile hukuwa nayo.

Ukilia, utalia. Amezoea, na kwa sababu hiyo huwa kuna karatasi za kufutia machozi karibu na kiti. Hatakukatiza wala hatakukimbilia kukunyamazisha. Kukiwa na ukimya, ataukalia nawe kidogo, na mwanzoni utauona mrefu. Ukikusumbua mwambie, "Ukimya huu unanibana, niulize swali."

Usipange kikao muda mfupi kabla ya mkutano au zamu ya kazi. Jioni yake unaweza kujisikia mchovu na mzito kuliko ulivyoenda, na usiku huo ndoto zikawa nyingi. Hiyo si alama kwamba umeharibikiwa, umefungua kitu kilichokuwa kimefungwa mwaka mzima. Usiku huo usinywe, na mke wako ajue ulikuwa na kikao ingawa huna deni la kumweleza mliyozungumza. Kama uzito huo unakaa siku nyingi na wazo la kutoamka linakuja mara nyingi zaidi, mpigie mtaalamu kabla ya kikao kinachofuata.

Kikao cha kwanza hakitibu, na kwa hicho kimoja huwezi kujua mengi. Nenda mara 3 au 4, kisha ujiulize mambo matatu ambayo mwanasaikolojia Edward Bordin aliyaeleza mwaka 1979 na ambayo bado yanatumika: je, mnakubaliana mnakwenda wapi? Unaelewa kwa nini anakufanyisha anachokufanyisha? Na je, unamwamini kiasi cha kumwambia jambo la aibu? Likikosekana moja, lisemee mle mle ndani: "Sioni tunakwenda wapi." Mtaalamu mzuri atashukuru na kubadilisha kitu. Tiba nyingi zenye mpangilio huchukua kati ya vikao 8 na 20, kimoja kwa wiki, kwa hiyo muulize mapema yeye anakadiria vingapi na mtaangalia vipi kama kuna hatua. Wengine hurudia ile PHQ-9 kila baada ya vikao kadhaa, na namba ikikaa palepale, mnajadili kubadilisha njia.

Kuna mengine hayahitaji kungoja kikao cha nne. Anayeongea habari zake kuliko zako, anayekusimulia siri za wateja wengine, anayekuambia kufiwa kwako ni adhabu, anayekuahidi utapona kwa siku moja, au anayeanza kukutaka kimapenzi, ondoka na usirudi. Utafute mwingine. Kumbadilisha mtaalamu ni jambo la kawaida, na yule wa pili hutalazimika kuanza naye upya kabisa, kwa sababu karatasi yako utakuwa nayo tayari.

Piga simu hiyo wiki hii. Kama miadi ni ya mbali, omba wakuweke kwenye orodha ya wanaoitwa nafasi ikipatikana, na uwaambie wazi kwamba kuna siku unatamani usiamke. Wakisikia hivyo, sehemu nyingi watakusogeza mbele.